Mbao Arobaini na Nane za Mzee Twalib

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Joto kali tangu asubuhi, mawingu mazito upande wa Kisarawe, upepo hakuna. Mvua haijanyesha, lakini kila mtu Chamazi anaangalia juu.

Editha Mkoma, ambaye hapa mtaani tunamwita Mama Venance, alifika kwenye kiwanja cha Mzee Twalib saa moja na nusu, kabla ya fundi. Kazi yake ni kutia dawa mbao za kupaulia. Ana miaka hamsini na mbili, ametokea Newala, na ameifanya kazi hii kwa miaka tisa. Watoto wa jirani wanamwita Mama Mchwa. Hakasirikii jina hilo, ila huwarekebisha: hana hata mchwa mmoja aliye ndugu yake.

Mzee Twalib alimwita kwa sababu nyumba yake ya kwanza iliingiliwa na mchwa. Siku ya kumwoza binti yake, mjomba mtu aliegemea nguzo ya baraza akiwa katikati ya nasaha, nguzo ikamwagika kama unga wa muhogo, na nasaha zikaishia hapo. Safari hii mzee hataki mchezo.

Mama Venance ana masharti mawili. La kwanza, mbao iwe kavu, kwa sababu dawa anayotumia ni ya mafuta, na mbao mbichi imejaa maji, dawa haina pa kuingia. La pili ndilo lililoleta maneno: mbao zote zikatwe kwanza, ndipo zizamishwe, ndipo paa lifungwe.

Fundi Jabiri, ambaye ndiye anayepaua nyumba nyingi kuanzia Chamazi hadi Mbande, amezoea kukatia juu kwa juu, msumeno mkononi na penseli sikioni.

“Mama Venance, mie napaua nyumba, sishoni gauni,” alimwambia siku ya kwanza. “Nikate zote chini kisha nikaziunge juu?”

“Fundi, ukikata baada ya dawa, pale ulipokata pamebaki bila dawa. Mbao hunywa dawa zaidi kwa vichwani, na maji hunywa kwa huko huko. Na mchwa naye hana haja ya kutafuta mlango, umeshamfungulia.”

Mzee Twalib akaamua kwa upande wa mama. Jabiri akakubali, ila kwa sharti mbele ya watu: ikitokea vipande havikai, atavikata upya apendavyo, na mafundi wenzake wote watajua nani aliyemchelewesha. Mama Venance alielewa maana yake. Hapa mwenye nyumba humsikiliza fundi wake. Jabiri akisema vibaya, pipa lake la dawa litakauka.

Basi Ijumaa Jabiri alikata zote. Kenchi za katikati hazikuwa na shida, zote zilifuata kielelezo kimoja. Shida ni pembe nne za paa, kila pembe vipande kumi na viwili, sita kushoto na sita kulia, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake. Jumla arobaini na nane. Akaviandika namba kwa chaki, kwa mwandiko mzuri wa kuandikia barua. Jumamosi Mama Venance alivizamisha kwenye birika alilolipanga kwa matofali na kulitandika nailoni nzito mara mbili, akaweka mawe juu ili visielee, akaviacha mpaka jioni. Kisha akavipanga chini ya turubai, vijiti katikati ili hewa ipite, vikae siku nne.

Jumatano hiyo Jabiri alifunua turubai. Akainua kipande, akakigeuza. Akainua kingine.

“Namba zangu ziko wapi?”

Vyote vilikuwa vya rangi ya kahawia, safi, vinanuka dawa. Namba hakuna hata moja.

“Zimeliwa na mafuta,” alisema Mama Venance polepole. “Niliziona zikiingia. Mbao zilipotoka niliangalia vichwa tu kama vimeshiba.”

“Vimeshiba! Vimekula mpaka hesabu!” Jabiri akacheka, lakini msumeno alikuwa ameshaushika. “Haya, mama. Sharti ni sharti. Nakata upya.”

“Umekata Ijumaa, leo unakata nini? Urefu nao umeliwa na mafuta?” Akavaa glavu zake. “Nipe saa moja.”

“Nusu.”

Akavisimamisha vyote ukutani, kimoja kimoja, kuanzia kifupi hadi kirefu, kama wanafunzi mstarini. Kisha akatazama mkato wa juu. Vilivyolalia kulia akavisogeza huku, vilivyolalia kushoto kule. Sasa kila urefu una vinne kila upande, kimoja cha kila pembe.

“Na vya pembe ipi ni vipi?” aliuliza Jabiri, ameshakaa juu ya ndoo. “Wanafanana kama askari.”

“Hawafanani. Angalia. Watatu sawa, mmoja amezidi vidole viwili. Kila kundi hivyo hivyo.”

Jabiri akasogea kuangalia. Ni yeye aliyepima nyumba. Pembe ya barazani mzee aliisogeza nje wakati wa kujenga, ili kiti chake kipate nafasi. Pembe tatu nyingine zinalingana, kwa hiyo vipande vyake vinaweza kubadilishana. Virefu ni vya barazani.

“Mwalimu gani huyu,” alisema Jabiri.

Ila kundi moja lilikuwa na vitatu tu. Mama Venance akahesabu tena: arobaini na saba. Wakatafuta chini ya turubai, nyuma ya choo, kwenye mchanga. Jabiri akaanza kutabasamu na kuupapasa msumeno. Mzee Twalib, aliyekuwa akiwaelekeza kutoka kwenye benchi lake, akainuka ili aone vizuri.

“Mzee wangu,” alisema Jabiri, “shikamoo tena. Hebu geuka.”

Nyuma ya kanzu palikuwa na mstari wa kahawia, ulionyooka kuliko ukuta wa nyumba. Benchi lilikuwa kipande cha arobaini na nane juu ya matofali mawili.

“Nilikiona kimezidi,” alijitetea mzee.

“Angalau hapo mchwa hawatakugusa,” alisema Mama Venance.

Saa nne wakaanza kupandisha. Pembe ya kwanza ilikaa, ya pili ikakaa. Kwenye ya tatu kipande kimoja kiligoma, ukuta ulikuwa na uvimbe wa saruji. Jabiri akakipunguza unene wa kucha. Mkato ukang’aa mweupe kati ya mbao zile za kahawia. Mama Venance, aliye chini, akautazama tu. Sharti lilimruhusu fundi.

Jabiri akashika nyundo, akaiweka chini. Akakiteremsha kile kipande, kichwa cheupe mbele.

“Mama Venance, huyu hajanywa. Mnyweshe.”

Mama akaleta kopo na brashi, akakipaka, akangoja kikauke, akapaka tena mpaka mbao ikaacha kunyonya. Ndipo kikapanda. Mpaka alasiri pembe zote nne zilikuwa zimefungwa.

Kesho yake asubuhi Mama Venance alikuwa Mbande, kwenye kiwanja kingine, ameitwa na Jabiri mwenyewe. Fundi alikuwa ameshanoa msumeno. Mama aligusa mbao ya kwanza, akaibonyeza kwa kucha, maji yakatoka.

“Hii ndiyo unataka kukata leo?”

“Mama, umeniambia nikate kwanza, nimekuja kukata kwanza.”

“Mbichi ukiikata itasinyaa, na dawa haitaingia. Iache ikauke. Na namba, fundi, safari hii tumia tindo, kabla ya dawa.”

Akavua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akaanza kuzipanga mbao kivulini, vijiti katikati.