Neno Moja la Marehemu Faki

Kasha la karatasi za marehemu Faki Shaame wa Micheweni lililetwa kwenye ofisi yetu ya nyaraka Chake Chake na mwanawe mkubwa, Bakar, mtu wa kanzu iliyonyooka kuliko akili yake. Fomu ya orodha yetu ina nafasi moja tu ya kuandika kazi ya mwenye karatasi.

"Andika khatibu, Bi Mize," akaniamuru. "Mimbari ndiyo heshima ya baba."

Nikamkumbusha ambalo Micheweni nzima inalijua: baba yake alichuuza samaki wa Tumbe kwa baiskeli miaka ya sabini, akasomesha skuli miaka ya themanini na tisini, na khutba za Ijumaa akazishika uzeeni. Kazi zote hizo tutazitaja kwenye maelezo ya maisha yake. Lakini nafasi ile moja tunaijaza kwa kazi iliyozizaa karatasi zilizomo kashani, si kwa ile inayowapendeza watoto.

"Basi humo mmejaa khutba," akasema, kwa uhakika wa mtu ambaye hajalifungua.

Nikalifungua mbele yake. Khutba hata moja hamna. Mzee alikuwa akihutubu kwa kichwa. Mlikuwa na maandalio ya masomo na madaftari ya mahudhurio, miaka kumi na tano. Nikaandika: Mwalimu.

Bakar akabetua midomo. "Mwalimu tu? Alimsomesha nani huyo?"

Nikamfunulia daftari la darasa la sita, mwaka 1986. Jina lake mwenyewe lilikuwemo, kwa mwandiko wa baba yake, na mbele ya jina, wiki nzima: hayupo, hayupo, hayupo.