Namba Iliyosomwa kwa Spika

Maximilla Navalayo wa Amalemba amekodisha spika kwenye mazishi kwa muda mrefu hivi kwamba watu wakimwona sokoni huuliza nani amekufa. Hachukii. Hujibu, "Leo hakuna, nimefuata vitunguu tu," kisha anaomba aongezewe kimoja.

Siku ya kumzika Phanuel, boma lilijaa hadi watu wakasimama ndani ya miwa. Winrose, mjane, alimwendea Maximilla pale kwenye jenereta.

"Mama, khotsa hajafika."

Maximilla alielewa. Khotsa ni mjomba, ndugu ya mama, na kwao udongo wa kwanza ni wake. Mjomba huyu, mzee Lusweti, ndiye aliyemlea Phanuel huko Chekalini. Akizikiwa mtoto bila yeye kuwepo, watu wa Chekalini watasema mjane alikuwa na haraka, na neno hilo halifutiki.

"Na daraja la chini limebebwa na maji," Winrose akaongeza. "Waliofika sasa hivi wamezunguka. Yeye hajui. Namba haiingii."

"Na mvua inakuja," akasema pasta, akitazama mawingu, kisha saa. "Nyimbo mbili, halafu tunashusha."

Maximilla hakuwahi kushindwa na jambo lililohitaji sauti. Akashika kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji, khotsa hajui daraja limebebwa. Namba yake ni hii. Aliye na simu, ampigie." Akaisoma, akairudia polepole kwa ajili ya wazee.

Mamia ya watu wakatoa simu. Kwa dakika chache boma zima lilishika sikio moja, kama limeumwa na jino. Hakuna aliyempata. Aliyekuwa akirusha mazishi laivu kwa ndugu walio Qatar akalalamika kwamba jeneza limeganda.

"Umetumaliza, Mama Spika," akasema Osiako, muuza laini za simu, aliyekuja kuzika kama wengine.

"Nimefanya nini? Si mtandao uko? Angalia mistari yote imejaa!"

"Hiyo mistari inasema mnara unakusikia. Haisemi una nafasi. Mnara ni mmoja, na siku zingine unahudumianga ng'ombe na watu thelathini. Leo tumekuja kijiji tano, wengine wanarusha video, halafu wewe umewaambia wote wapige pamoja. Kila anayekataliwa anapiga tena. Na wale wawili watatu waliobahatika wanagongana kwa laini ya mzee."

"Basi nipige mimi peke yangu."

"Wacha kupiga! Andika ujumbe mfupi. Simu inataka nafasi ikae nayo mpaka mmalize kuongea. Ujumbe ni mdogo, unapenya tu. Ukikataa, tuma tena baada ya kupumzika kidogo. Ukishafika kwa mtambo wao, utangoja hapo mpaka simu yake iupokee, hata kama anaongea. Si WhatsApp, hiyo inatakanga bando. Na usitumie hapa. Nenda kule juu nyuma ya miwa, kunashikwa na mnara wa ule upande mwingine. Huko hakuna matanga."

"Una uhakika?"

"Mimi nauzanga laini, Mama. Wakishindwa kupiga, wanakuja kunitukana mimi."

Maximilla akarudi kwenye kipaza sauti kurekebisha alichoharibu. "Ndugu zangu, nawaomba msimpigie tena khotsa. Zimeni data. Mnaorusha laivu, Qatar itasubiri." Nusu walitii. Nusu walitazama kama waliotii wamefanya kweli.

Akampa pasta wimbo mrefu wa beti nyingi, akamwekea sauti juu, kisha akapanda njia ya miwa na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, viatu mkononi. Juu akaandika: *Daraja limevunjika. Pitia Lubao. Tunakungoja. Maximilla wa spika.* Simu ikasema imeshindwa. Akangoja, akapumua, akatuma tena. Ikasema imetuma.

Alikaa pale akisikia wimbo wake mwenyewe ukiishia bondeni, na mvua ikianza kugonga majani. Hatimaye simu ikalia: *Tulikuwa tumekwama kwa daraja. Tumegeuza.*

Alishuka mbio. "Pasta, beti nyingine."

"Zimeisha."

"Anza upya. Mungu hahesabu."

Walikuwa wakirudia mara ya tatu, wamelowa, pikapu ilipoingia. Mzee Lusweti akashuka, akapita katikati ya watu bila kumwangalia yeyote mpaka alipofika kwa Winrose.

"Umeningoja," akasema.

"Ningekuzikia mtoto namna gani, Khotsa?"

Maximilla akakimbia kumletea kipaza sauti. Mzee akakisukuma kwa upole.

"Huyu nililea bila hicho."

Akainama, akachota udongo.