Ubao wa Kusimamia Ukishika Birika

Jikoni kwa Bramwel, mwenye mkahawa mjini Kitale, mpishi mgeni hakuonyeshwa kwanza chumvi iko wapi. Alionyeshwa ubao. Kilikuwa kipande cha mbao kilicholazwa sakafuni mbele ya meza ya chai, ili anayeshika birika la stima asimame juu yake.

"Panda ubao kwanza, bana," wenzake wangemwambia, "ama birika likusalimie."

Kisha wote wangecheka. Asiyecheka alikuwa Nakhumicha, mpishi mkuu, mjane kutoka mtaa wa Matisi aliyelea watoto wake kwa mwiko na sufuria. Yeye alikuwepo siku plagi ya birika ilipoungua na Bramwel akaamua kufunga mpya mwenyewe, kwa kisu cha kukatia vitunguu. Alifunga waya mbili. Ya tatu, ile ya kijani na manjano, akaikata.

"Hii ni ya urembo tu," Bramwel alisema. "Si maji yanachemka?"

Maji yalichemka, ni kweli. Lakini birika lenyewe lilikuwa la chuma, kuukuu, na stima ilikuwa ikivuja ndani yake. Waya ile aliyoiita urembo kazi yake ni kuipeleka ardhini stima ya namna hiyo, na ikizidi, fyuzi ikatike. Ilipokatwa, stima ikabaki kwenye chuma ikingoja mkono wa mtu. Kuanzia wiki hiyo birika likaanza kuuma vidole, na badala ya kuita fundi, Bramwel akaleta ubao.

Nakhumicha alimfuata mara nyingi.

"Boss, hii kitu itaua mtu."

"Mama, wewe unaogopa stima kama watu wa zamani. Vaeni ndara, mpande ubao, muache maneno."

Wala si birika tu. Soketi ya jikoni ilikuwa imekufa, kwa hivyo ekstensheni moja ilitoka kwenye ukumbi wa wateja, ikapita chini ya mlango, ikalala sakafuni karibu na sinki. Birika, friji na blenda, vyote vilining'inia hapo. Ikifika saa ya chai, waya ile ilipata moto hadi ukiigusa unaondoa mkono. Plagi ya blenda ilikuwa ya meno mawili, basi walikuwa wakichokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti cha ufagio ili iingie. Nakhumicha alikuwa amenunua adapta kwa pesa zake. Ikapotea. Kijiti kikarudi.

Uchungu wake mkubwa ulikuwa Nanyama, binti ya kaka yake. Yeye ndiye aliyemtoa nyumbani karibu na Kibabii, Bungoma, akamleta Kitale kufanya kazi ya kutengeneza juisi. Alimwahidi mama wa msichana kwamba mtoto atakuwa chini ya macho yake.

Siku ya mkasa kulikuwa na wageni wa semina. Sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa, ubao umeegeshwa nje ukauke, na Nanyama alikuwa amevua ndara zake zilizojaa maji ya sabuni. Alikuwa akisuuza maembe. Blenda ikafurika, juisi ikaanza kutiririka mezani kuelekea birika. Mkono mmoja bado uko kwenye mfereji wa chuma wa sinki, akanyoosha ule mwingine kulisogeza birika.

Hakupiga kelele. Alitoa mkoromo mfupi tu, na vidole vikajifunga kwenye chuma kama vimeshonewa hapo.

Cheruiyot, mkaangaji chapati, aliruka amshike kiunoni.

"Usimguse!" Nakhumicha alifoka. "Ukimgusa mnakwenda wawili!"

Hakuthubutu kugusa ekstensheni pale ilipolala majini. Alikimbilia ukumbini, akamsukuma mgeni mmoja na kiti chake, akaing'oa plagi ukutani kulikokuwa kukavu. Jikoni kukasikika kishindo. Nanyama alikuwa ameanguka.

Alikuwa anapumua. Kiganja kilikuwa kimeungua, katikati peupe, kando peusi. Fyuzi haikuwa imekatika, na watu wengi hawaelewi jambo hili. Fyuzi hukatwa na stima nyingi sana. Ile iliyopita kifuani mwa Nanyama ilikuwa kidogo kwa fyuzi, lakini kwa moyo ilikuwa nyingi. Hospitalini walimlaza wauchunguze moyo wake.

Nakhumicha aliporudi kuchukua nguo za msichana, alimkuta Bramwel jikoni. Hakuuliza kama Nanyama yu hai. Alisema, "Nani alitoa ubao?"

Nakhumicha aliokota ndara za Nanyama sakafuni.

"Na si huwa nawaambia mikono maji hapana stima? Hawa wasichana hawasikii!"

"Boss, hapa ni jikoni. Tunaosha nyama, tunaosha sahani, tunaosha matunda. Mikono mikavu utaitoa wapi? Ni kweli tupanguse kabla ya kushika swichi. Lakini birika zima haliui mtu kwa kulisogeza. Hilo lako umelitengeneza liue."

"Sasa unanitukana?"

"Nakwambia ulichofanya."

Alivua aproni, akaiweka juu ya meza.

Nanyama aliporuhusiwa, Nakhumicha alimpeleka Bungoma kwa mama yake. Bramwel akaja Jumapili na mashemeji wawili, wamebeba sukari na unga, kama watu wanavyokwenda kuhani msiba. Walikaribishwa, wakapewa viti na chai. Akaanza kwa sauti ya kanisani.

"Mama Nanyama, ni ajali. Mipango ya Mungu. Stima haina macho."

"Mulamwa," mama Nanyama alimgeukia wifi yake, "ilikuwa ajali?"

"Hapana," Nakhumicha alijibu. "Aliikata waya mimi nikiona. Mungu asisingiziwe kazi ya kisu."

Mashemeji wakashusha macho. Bramwel akacheka kidogo, akatoa simu.

"Haya, nitaleta fundi. Mtu asiseme sijali. Wacha nimpigie hapa hapa mkisikia." Akaweka sauti kubwa. "Kipsang, nataka uje uniangalilie lile birika."

Sauti ya fundi ikajaa sebuleni. "Birika lipi, mzee? Si ni lile nilikuambia mwaka jana usilitumie bila waya ya ardhini? Ukasema bei yangu ni ya wizi? Bado liko?"

Bramwel alizima simu. Mama Nanyama aliinuka, akauondoa mfuko wa sukari mezani, akauweka mapajani pa mgeni.

"Sasa utamtibu mkono mpaka upone," alisema. "Na hilo birika lisichemshe maji ya mtu tena. Nikisikia umewasha, nakuja Kitale na polisi."

Bramwel aliitikia kwa kichwa. Kipsang akaja, akavuta waya mpya, akazika chuma cha ardhini nje ya ukuta, akaweka soketi juu ya meza mbali na sinki, na swichi ya kukata stima inapovuja. Nakhumicha alibonyeza kitufe chake cha kujaribia, stima ikakatika mbele ya macho yake, ndipo akafunga tena aproni. Nanyama hakurudi. Vidole viwili vya mkono wake havikunjiki hadi leo.

Mwezi uliopita mteja mmoja aliyekuwa akinywa chai alichungulia jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu Bramwel ni mtu mzuri. Ona vile amewawekea stima ya kisasa."

Nakhumicha aliweka sahani ya mandazi mbele yake kwa nguvu kiasi cha chai kumwagika.

"Mwite," alisema, "umuulize alikuwa akingoja nini."