Kadi ya Komunyo Kutoka kwa Anti

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gesi, Mildred alikuwa anakaa kwanza. Anavuta kigoda karibu na dirisha la jikoni, anaweka mikono kwa mapaja, anafunga macho. Hasemi kitu. Sufuria ya chai inangoja, mkate unangoja, hata paka wa jirani akilia mlangoni hafunguliwi. Nyumba nzima pale Kimumu, alikofanya kazi ya nyumbani na kulea mtoto, ilikuwa imezoea. Mama Jerop akiingia kutafuta kikombe alikuwa anatembea polepole mpaka atoke.

Jerop alipokuwa mdogo, bado anafungwa nepi, alikuwa anapanda kwa mapaja ya Mildred wakati huo na kumvuta masikio. Alipojua kuongea akauliza, "Anti, unangoja nani?"

"Nangoja Mungu aniongeleshe."

"Ameshaongea?"

"Leo bado. Nenda uvae soksi."

Kwao Lugari, Mildred alilelewa katika kanisa la Friends. Watu wa kanisa hilo hawabatizi kwa maji, na hawana meza ya mkate na divai. Nyanya yake alikuwa anasema hivyo vitu viko ndani ya mtu. Lakini watu wa nyumba hii ni Wakatoliki, na Jerop alipoanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, ni Mildred aliyekuwa anampeleka kwa katekista kila Jumamosi. Alikaa nje kwa ngazi, akisikia watoto wakiimba majibu. Mwisho wa mwaka alizijua sala zote, za kitubio na za baada ya komunyo, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Nyumbani Jerop alifanya mazoezi. Alikata chapati kwa kifuniko cha soda ikawa kiduara kidogo, akampa Mildred ashike.

"Sema, 'Mwili wa Kristo.'"

"Mimi si padri, wacha mchezo."

"Anti, tafadhali! Nikikosea nitachekwa."

Mildred akasema. Jerop akajibu "Amina," akafungua mdomo mkubwa kama kifaranga, akameza, halafu akacheka mpaka akakohoa. Mildred naye akacheka, lakini usiku ule aliwaza kama amekosea mahali.

Wiki ile ya mwisho kabla ya komunyo Mama Jerop alimwita sebuleni. Yeye ni mwalimu, jina lake Priscah, na si mtu mbaya. Alikuwa anashika kidole chake cha pete na kukizungusha.

"Mildred, unajua Jerop anaenda shule ya bodingi Jumatatu. Na mimi nimepewa uhamisho, narudi Cheptiret, nitakaa kwa mama yangu. Hii nyumba tunaiacha. Sasa, kazi…"

"Imeisha. Nimeelewa, Mama Jerop."

"Jumapili tukimaliza sherehe, Baba Jerop atakusindikiza kwa stage ya matatu. Lakini naomba kitu kimoja. Usimwambie mtoto kabla ya misa. Atalia, na siku yake itaharibika."

Mildred alikubali. Jerop mwenyewe alijua habari ya bodingi tu. Kila siku alikuwa anapanga likizo: "Nikirudi, Anti, utanipikia chapati za maji." Mildred alikuwa anajibu, "Ala, wewe na chakula!" kwa sababu hilo halikuwa jibu la ndiyo wala la hapana.

Ndipo akawaza kuhusu kadi. Alizitazama zile za dukani mjini. Zilikuwa zinang'aa, na maneno marefu ya Kiingereza ambayo hata yeye hakuyamaliza kusoma. Zote zilisema hongera kwa jambo lililokwisha kufanyika. Yeye alitaka kadi ambayo mtoto ataisoma asubuhi, kabla, aingie nayo kanisani.

Alienda Munyaka kwa Wepukhulu, mzee anayetengeneza kadi kwa mkono katika kibanda chake. Anamjua kwa sababu wanatoka upande mmoja.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe, dada. Komunyo ama kipaimara?" Wepukhulu alikuwa tayari anavuta sanduku lake la mifano. "Wiki iliyopita mama mmoja alibeba ya njiwa na ndimi za moto akampelekea mtoto wa komunyo. Njiwa ni ya kipaimara, ya Roho Mtakatifu! Komunyo ni kikombe na hostia, ngano na zabibu."

"Ni komunyo."

Mzee akamwangalia juu ya miwani. "Ngoja. Wewe si wa Friends? Nyinyi hata mkate hamli! Kadi ya nini?"

"Si mimi nitakula."

Wepukhulu akacheka, akachukua karatasi ngumu ya manila, nyeupe. Aliweka rula ya chuma, akapitisha biro iliyokauka wino katikati ili karatasi ikikunjwa isipasuke. Akakunja, akasugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Mbele alichora kikombe, juu yake hostia, pembeni masuke ya ngano, akayapaka rangi ya dhahabu. Chini akaandika *Diana Jerop*, jina la ubatizo kwanza, kisha *Komunyo ya Kwanza*. Karatasi ya ndani aliipaka gundi pale kwenye mkunjo peke yake. Alisema ukipaka kote inajikunja kama ngozi ya mzee.

"Sasa maneno. Nina haya yanapendwa sana." Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Umejaliwa leo kulishiriki fumbo kuu la Ekaristi Takatifu, likuimarishe katika fadhila…"

"Yuko gredi ya tatu, Mzee."

"Haya. Basi sema wewe."

Mildred akaanza kwa maneno ya katekista, akaacha. Kuandika *Leo utampokea Yesu* kulimkwamisha. Tangu utotoni aliambiwa Yesu hangojei mkate ndipo aje. Hakutaka kumdanganya mtoto siku kama hiyo, na hakutaka kumfundisha kanisa lingine mlangoni mwa kanisa lake. Wepukhulu alinoa penseli, hakumsukuma.

"Huyo mtoto mwenyewe anasema anaenda kufanya nini?" akauliza mwishowe.

Mildred akakumbuka. Jerop alikuwa amemwambia akifungwa nywele: "Yesu anakuja kwangu, Anti. Halafu katekista amesema tukirudi kwa benchi tusiangalie watu. Tufunge macho tuongee na yeye. Ni kama vile wewe unafanya kwa kigoda."

"Andika hivyo," Mildred alisema. "Yesu anakuja kwako. Hilo naweza kusema, na ni kweli kwetu sote."

Wakaendelea hapo, mstari kwa mstari. Mzee alipiga mistari kwa penseli ya kufutika, akaandika herufi kubwa zilizoachana, si za kuunganisha, maana mtoto wa umri huo husoma zile za kitabu chake. Kila neno alimfanya Mildred alisome kwa sauti, kidole chini yake, kama mtoto. Pale kidole kiliposimama, walibadilisha.

"Na baraka? Kadi ya komunyo bila baraka ni barua tu."

"Mimi nitabariki kama nani?"

"Nani amemwosha huyo mtoto?"

Mildred akasema baraka, na mzee akaandika bila kuongeza kitu.

"Jina la mtumaji?"

"Andika Anti."

"Anti ni wengi Eldoret hii."

"Yeye ana mmoja."

Jumapili asubuhi, Jerop akiwa na gauni jeupe, shela na taji la maua, Mildred alimpa kadi huku akimfunga kiatu. Mtoto alitazama kikombe cha dhahabu, akagusa jina lake. Gari lilikuwa linapiga honi. Akaiweka ndani ya kitabu cha sala, akatoka mbio na mshumaa wake.

Kanisani Mildred alikaa nyuma kabisa. Watoto walienda mbele wawili wawili, mikono imeunganishwa kifuani. Aliona shela ya Jerop ikisimama mbele ya padri, kichwa kikiinuka, kikishuka. Kisha watoto wakarudi kwenye benchi. Mmoja alimpungia mama yake mkono, mwingine alirekebisha taji. Jerop alipiga magoti, akafungua kitabu cha sala, akasoma kitu akifuata kwa kidole. Akakifunga. Akafunga na macho.

Alikaa hivyo mpaka wenzake wakaketi, mpaka kwaya ikamaliza, hadi katekista akaja kumgusa bega. Mildred kule nyuma naye alikuwa amefunga macho. Hakusikia sauti yoyote, lakini kile kitu alichokuwa amekibeba tangu wiki ianze kilitulia.

Nyumbani kulikuwa na hema, keki na muziki. Mjomba Felix ndiye alikuwa emsii. Alichukua kikapu cha kadi na kuanza kuzisoma kwa kipaza sauti, akiongeza utani wake. "Hii ni ya shangazi! Anasema ufuate nyayo za watakatifu. Shangazi, wewe mwenyewe umezifuata hadi wapi?" Watu wakacheka. "Na hiyo umeficha kwa kitabu, bibi harusi? Leta tusome!"

"Hapana, Anko. Hii ni yangu."

Jerop akaondoka kwenye kiti chake cha maua, akaenda jikoni. Mildred alikuwa anasuuza sahani. Begi lake lilikuwa nyuma ya mlango.

"Anti, nimesoma yote. Sikukwama." Akafungua kadi, akasoma tena, wazi, kidole chini ya kila neno:

*Jerop wangu,*
*Leo Yesu anakuja kwako.*
*Ukirudi kwa benchi, funga macho.*
*Nyamaza kidogo. Mngoje.*
*Mwambie asante.*
*Mungu akubariki ukienda,*
*akubariki ukirudi.*
*Ukiogopa, awe karibu.*
*Ukikosa, akusamehe.*
*Mahali nitakuwa, nitakuombea.*
*Anti*

Kidole kikarudi juu mstari mmoja. "Mahali nitakuwa. Utakuwa wapi?"

Priscah alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Mildred alimtazama, naye Priscah akainamisha kichwa kidogo. Misa ilikuwa imekwisha.

"Kwetu Lugari. Naenda leo."

"Likizo utakuja?"

"Hapana, mama. Mkirudi likizo mtakuwa kwa nyanya yako, kogo, kule Cheptiret. Kazi yangu hapa imeisha."

Jerop hakulia papo hapo. Aliigeuza kadi, akatazama chini ya mstari wa mwisho. "Hujaandika jina lako," akasema. "Bodingi wataniuliza Anti nani."

Mildred akapangusa mikono kwa leso. Priscah aliweka trei chini, akatoa kalamu kwenye mkoba wake, akampa. Chini ya herufi nzuri za Wepukhulu, Mildred aliandika kwa mwandiko wake unaopanda mlima: *Mildred Nasimiyu*.

Mtoto akayasoma majina yote mawili, akayarudia. Ndipo machozi yakaja. Mildred hakumchorea msalaba kwenye paji la uso, maana kwao hawafanyi hivyo. Alimwekea kiganja kichwani, juu ya shela, taji likasogea upande. Wakanyamaza wote wawili. Priscah naye hakusogea.

Halafu Mildred akalinyoosha lile taji, akachukua begi lake nyuma ya mlango. Nje Felix alikuwa bado anasoma kadi, na watu wanacheka. Alipita kando ya hema, Baba Jerop akamfungulia geti na kumpokea begi. Jerop alikuwa amekaa kwa kile kigoda cha jikoni na gauni lake jeupe, kadi mapajani, macho yamefungwa. Mildred hakurudi tena Kimumu.