Mama Rudia Ajaribiwa kwa Dawa Yake Mwenyewe

"Nileteeni mtu yeyote, hata huyu mkuu wangu wa idara, na nitamfanya aandike insha inayosomeka mpaka mwisho!"

Hayo aliyasema shangazi yangu kwenye kipaza sauti, siku ya mkutano wa wazazi, mkuu wa idara ya lugha akiwa ameketi kando yake na chupa ya soda mkononi. Wazazi walicheka, baba mmoja akapaliwa na biskuti. Mkuu wa idara hakucheka. Aliiweka soda chini polepole, kama mtu anayetua mzigo ili mikono yote miwili iwe huru.

Shangazi ni mwalimu wa insha. Wanafunzi wanamwita Mama Rudia, na yeye anajua, na analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwake insha haiandikwi siku moja. Kwanza mnabwabwaja mawazo. Halafu rasimu ya kwanza, chafu, mradi ipo. Halafu kikao: anavuta kigoda hadi kwenye dawati lako, unamsomea kwa sauti, naye anauliza. Hakuambii umekosea. Anauliza, "Huyu mjomba alienda wapi? Mbona umemwacha mlangoni?" Unarudi kumwingiza mjomba ndani. Tahajia na nukta huja mwisho kabisa, maana, kama anavyosema, hakuna haja ya kupiga pasi shati ambalo bado unalikata.

Mkuu wa idara yeye anaitwa Bwana Jumla. Unaandika, unakusanya, unarudishiwa: miduara myekundu, na chini kabisa namba. Hana neno jingine. Anamaliza rundo zima la daftari chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Msimcheke sana, ana mikondo mitatu ya kufundisha na mgongo mbovu.

Basi baada ya mkutano ule, Bwana Jumla alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa karani wa muda pale ofisini, mlango hauzibi vizuri, na masikio yangu sikuyaumba mimi.

"Mkuu, darasa la Mama Rudia bado liko kwenye insha ya kwanza. Muhula unayeyuka! Siku ya mtihani nani atawavutia kigoda?"

Mwalimu mkuu alimwita shangazi. "Mwalimu, niandikie kurasa mbili. Nieleze kwa nini nikuache na njia yako. Zikinishawishi, endelea. Zisiponishawishi, kuanzia Jumatatu unasahihisha kama wenzako, kazi ya mwisho tu. Na zipitie kwa mkuu wa idara kwanza, huo ndio utaratibu."

Shangazi alitoka pale kama ameambiwa atunge wimbo wa taifa. Nyumbani akaandika kurasa zote mbili amesimama, mwiko mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

"Shangazi, hiyo si ndiyo rasimu ya kwanza?"

"Rasimu ni za wanafunzi, wewe. Mimi nafundisha hii kazi."

"Basi nisomee kwa sauti."

"Koroga mchuzi!"

Akapeleka vile vile. Zikarudi kabla ya kengele ya mapumziko. Miduara mitatu myekundu kwenye herufi zilizoruka, na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri sana: saba kwa ishirini.

Jamani, yule mama! "Saba! Saba ya nini? Kipi hakieleweki? Kipi nibadilishe? Hakusema! Mtu ananiandikia saba kama namba ya nyumba!" Alizunguka ofisi yangu akiipunga karatasi, mafaili yakipepea. Nilitaka kumwambia kwamba hivyo ndivyo wanavyojisikia watoto wa mikondo mitatu, lakini alikuwa karibu na mashine ya kutoboa karatasi, na mimi napenda masikio yangu.

Akaingia darasani na karatasi yake. Mimi nyuma na boksi la chaki ambalo hakuna aliyeliagiza.

Kuna msichana pale mbele, wenzake wanamwita Spika kwa sababu haombi ruhusa ya kuongea. "Mwalimu, umekuja na rasimu?"

"Si rasimu. Ni ripoti."

"Imekwisha?"

Shangazi akaanza kucheka, mwenyewe, mabega yakitikisika. Akavuta kigoda chake, akakaa katikati ya darasa, akasoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini.

Sheria yao ni kwamba wasikilizaji huanza kwa kusema walichosikia. Spika akasema, "Mimi nimesikia kwamba umemkasirikia Bwana Jumla."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja alianguka na kiti.

"Ukurasa wa kwanza wote," akaongeza mwingine, "sisi hatumo."

"Msomaji ni nani?" akauliza Spika, mikono kiunoni, sauti ya shangazi tupu. "Mwalimu mkuu. Yeye anataka kujua nini?"

"Kama njia hii inafaa," shangazi akajibu, mpole kama mwanafunzi mgeni.

"Sasa umemwonyesha wapi? Umesema tu inafaa, inafaa, inafaa."

Ubishi ukawaka. Wakakubaliana akate ugomvi wote. Aambatanishe rasimu za mvulana mmoja wa dirishani: ya kwanza, mistari minne kuhusu kinyozi, maswali aliyoulizwa, kisha ya tatu, ambamo kinyozi anamnyoa mtu aliyemfukuza kazi na mkono unamtetemeka. Msomaji ajionee mwenyewe. Shangazi alikatakata, akachora mishale, akaongeza maneno pembeni. Karatasi ikawa kama ramani ya vita.

Rasimu ya pili ilipokamilika, alifanya kitu ambacho hata mimi sikukitarajia. Aliibeba hadi chumba cha walimu, akavuta kiti mbele ya Bwana Jumla.

"Kaka, sitaki alama. Nitakusomea, wewe uniulize."

"Niulize nini?"

"Chochote usichoelewa."

Akasoma. Bwana Jumla akakunja uso, akakunjua. "Unasema unakaa na kila mtoto. Wote hao? Unakaa nao saa ngapi?"

"Wachache kila kipindi, wengine wakiandika au wakisomeana wawili wawili."

"Basi liandike hilo! Mbona umelificha? Na mtihani? Dakika arobaini, hakuna rasimu tatu."

"Nitawazoesha. Dakika chache za kupanga, waandike, mwisho wajiulize wenyewe yale maswali."

"Hilo pia halimo humu. Halafu hapa, huyu kinyozi, kwa nini mkono unatetemeka? Hebu nisomee tena hapo."

Alimrudisha mara tatu. Chai yake ikapoa hadi ikafanya ngozi juu. Walimu wengine walikuwa wameziba midomo kwa daftari, maana mkuu wa idara alikuwa ameendesha kikao kizima, na mwenyewe hana habari. Alipogundua alishika kalamu yake nyekundu, akaitazama, akaifunga kifuniko.

"Usiseme kitu," akamwonya shangazi.

"Mimi? Nimenyamaza kabisa, kaka."

Shangazi akaandika upya nakala safi ya mwisho, sasa ndipo akasahihisha herufi zilizoruka. Mwalimu mkuu alisoma kurasa zile mbili mbele yetu, akarudi kwa kinyozi, akasoma tena. "Endelea na njia yako," akasema. "Alama utaitoa kwenye kazi ya mwisho, rasimu zote zikiwa zimebanwa nyuma yake. Lakini darasa zima likiandika mara tatu tatu, karatasi za shule hazitoshi. Za rasimu utanunua mwenyewe."

Shangazi akanituma dukani pale pale, huku akiimba, bila kuuliza bei.

Rimu moja ya karatasi ni shilingi elfu kumi na mbili.