Muhuri wa Mama Assia

Kwa miaka saba Assia alikuwa na tanuri la mikate mtaani Buyenzi, na watu kumi na mmoja chini yake. Vikwazo vya nchi jirani vilipofunga mipaka mwaka 1996, unga wa ngano ukaadimika, na kufuata kuni milimani kukawa kufuata risasi za vita. Akafunga. Mwaka uliofuata alikuwa ameketi mtaani Rohero, katika ofisi ya shirika la misaada, akiomba kusimamia ghala lao la chakula kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Mume hakuwepo tena, watoto wanne walikuwepo. Akiikosa kazi hii, hakuwa na pengine pa kugonga.

Bwana Callixte, mkuu wa wafanyakazi, aliigeuzageuza hati yake ya kazi. Kila mwombaji huleta hati iliyosainiwa na bosi wake wa zamani. Ya Assia ilikuwa na sahihi ya Assia na muhuri wa Assia.

"Mama, umejisifu mwenyewe."

"Juu yangu hakukuwa mutu, Monsieur. Nani angenisainia?"

Kwenye fomu, mbele ya miaka ile saba, Callixte alikuwa ameshaandika kwa penseli: hakuajiriwa. Assia aliyasoma maneno hayo akiwa upande wa pili wa meza. Kama vile miaka ile yote alikuwa amelala.

"Na biashara yenyewe ilikufa," Callixte akaongeza. "Leo tukupe ghala?"

"Haikunifia. Niliifunga. Gunia lililoingia kwanza lilitoka kwanza, hata moja halikuoza. Wafanyakazi niliwapa préavis mapema, wajue kazi inaisha, michango yao ya uzeeni, ya INSS, nikailipa mpaka mwezi wa mwisho. Kila mutu akaondoka na attestation yake, hati ya kazi niliyoisaini mimi."

"Hayo unasema wewe."

Assia alikuwa ameapa kutomtaja Khaled, mmoja wa wale kumi na mmoja, asije akamponza kijana wa watu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

"Khaled, magasinier wenu, yule mutunza ghala, mulimuchukua kwa karatasi gani?"

Adélaïde, sekretari aliyekuwa akiandika mahojiano, aliinuka akafungua kabati. Akaiweka hati ya Khaled mezani, ubavu kwa ubavu na ya Assia. Muhuri ni ule ule: duara, na mkate katikati. Sahihi ni ile ile.

"Miezi minane sasa," Adélaïde alisema, "na Khaled hajapoteza hata gunia."

Callixte alizitazama hati zile muda mrefu, kisha akatafuta kifutio. Akafuta, akaandika kwa kalamu ya wino: chef d'entreprise, mkuu wa biashara, miaka saba.

"Majaribio miezi mitatu. Jumatatu saa moja na nusu, ghalani."

"Asante, Monsieur."

Alikuwa ameshafika mlangoni Callixte alipomwita.

"Na ule muhuri, mama, uuache nyumbani. Huku nasaini mimi."

Assia aliitikia kwa kichwa. Furaha ilimjaa, na neno lile likamuuma vilevile.