Uso Kwenye Kioo cha Pembeni

Jenista ni binti wa kutoka Msangano, fundi wa kompyuta hapa Tunduma, na ukimcheka kazi yake, umemchokoza. Hilo ndilo lililomponza.

Chama cha madereva kilimletea picha mia mbili na kumi na nne za vijana wanaofyonza dizeli kwenye malori yaliyo foleni mpakani. Aliyezipiga ni mjomba wake mwenyewe, Ambakisye, dereva, kwa simu yake akiwa ndani ya kabini.

"Mwanangu, funika sura zote na namba zote za magari," alimwambia. "Hawa wakijua nani kapiga, mwezi siumalizi."

Jenista akaandika programu kwa OpenCV, zana ya kutambua vitu kwenye picha: ifungue picha moja moja, itafute sura na vibao vya namba, ivitie ukungu, ihifadhi nakala kwenye folda nyingine. Akaiwasha. Loh! Sura zilifunikwa, lakini na matairi pia, na magunia ya kahawa. Kila penye vivuli vilivyokaa kama macho na pua, programu iliona mtu.

Gwakisa, katibu wa chama, akaangua kicheko. "Dada, hata tairi la akiba linaona haya?"

Kicheko kikamkera. Akapandisha ukubwa wa chini wa sura kutoka pikseli thelathini hadi tisini, ili vidude vidogo viachwe. Matairi yakapona. Akakagua picha arobaini za mwanzo, safi kabisa, akakabidhi kazi. Jamani, mia moja sabini na nne hakuzifungua!

Jumamosi asubuhi Gwakisa akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Kabla ya saa sita akaingia dukani kwa Jenista mbio, simu mkononi, hana hata utani. Namba isiyojulikana ilikuwa imemrudishia picha moja, imekatwa na kukuzwa. Chini yake neno moja: "Tumemwona."

Vijana wa dizeli walikuwa na ukungu. Kibao cha namba kilikuwa na ukungu. Ila ndani ya kioo cha pembeni cha lori alikuwamo Ambakisye, simu kaishika kifuani, macho kayatoa.

Jenista akapima uso ule kwenye picha ya asili. Pikseli hamsini. Akarudisha kipimo chake cha kwanza, thelathini, akaipitisha picha ile peke yake. Ukungu ukatua juu ya uso wa mjomba papo hapo. Akalia kwa hasira, maana alikuwa amepatia mara ya kwanza.

Ambakisye alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na siku hiyo ndiyo ya kurudi. Jenista akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ikapokelewa, injini ya lori ikinguruma nyuma, na sauti haikuwa ya mjomba.

"Jenista Kompyuta," ilisema taratibu, kama anayesoma jina kwenye kioo cha simu. "Mjomba tuko naye. Zile picha zisizo na ukungu unazo wewe, eti?"